Kolera na video bila sauti: kwa nini maandishi ya chini yahakikishwe kabla ya kupanga saa ya kutoa video

Maji safi lita 1, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Ndiyo maji ya kumpa mtu anayeharisha pale ambapo kipaketi cha SRO hakipatikani, wakati familia inajitayarisha kumpeleka kituoni. Mafundisho haya hupita mara nyingi kwenye video fupi huku kwetu, kwa sababu kolera haijaondoka kamwe Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini wala Tanganyika.

Mtu anayetazama video hiyo kwenye telefone bila sauti, ndani ya basi, kazini au usiku watoto wakiwa wamelala, hana kitu kingine cha kumuongoza isipokuwa maandishi yanayopita chini ya picha. Ikiwa mashini iliyoandika maneno hayo imedondosha neno moja tu, neno "nusu", video imemfundisha kutia chumvi mara 2 ya kipimo. Chumvi ikizidi, inaweza kumdhuru mtoto mdogo ambaye tayari amepoteza maji mwilini.

Maandishi hayo, ambayo watengeneza video wetu wengi wanayaita sutitre, siku hizi huandikwa na kompyuta kwa dakika chache. Kisha video hupangiwa saa ya kutoka, tuseme saa 12 asubuhi, na mwenye kazi analala. Hapo ndipo hatari inapoanza, kwa sababu kati ya mashini na mtazamaji hakuna tena mtu anayesoma.

Watazamaji wa kimya si wachache

Mwezi wa 2 mwaka wa 2016, Facebook ilitangaza kwamba katika majaribio yake, matangazo ya video yenye maandishi yalitazamwa kwa muda mrefu zaidi, wastani wa asilimia 12. Mwezi wa 5 mwaka huo huo, gazeti la Marekani Digiday liliandika kwamba wachapishaji kadhaa wakubwa waliona hadi asilimia 85 ya video zao za Facebook zikitazamwa bila sauti. Hesabu hizo ni za miaka hiyo na hazikupimwa Goma wala Bukavu. Lakini zinaeleza kwa nini kazi ya kuweka maandishi imekuwa ya kila siku kwa wanaotoa habari kwa video.

Kuna pia watu wasiosikia. Kwao, maandishi ndiyo njia pekee ya kupata ujumbe, kama sauti ilivyo kwa asiyeona.

Mashini ilisoma shule gani?

Programu moja inayotumika sana kugeuza sauti kuwa maandishi inaitwa Whisper. Kampuni ya OpenAI iliitoa mwezi wa 9 mwaka wa 2022, na mtu yeyote anaweza kuiweka kwenye kompyuta yake bila kulipa. Programu nyingi za kutia maandishi kwenye video zinaitumia ndani kwa ndani.

Waliotengeneza Whisper walieleza kwamba toleo la kwanza lilifundishwa kwa masaa 680,000 ya sauti. Kifaransa kilipata masaa zaidi ya 9,700 ya sauti yenye maandishi yake. Kiswahili kilipata masaa 5 na kitu. Matoleo yaliyofuata, kama large-v3 la mwezi wa 11 mwaka wa 2023, yalifundishwa kwa sauti nyingi zaidi, lakini tofauti hiyo ya mwanzo inasaidia kuelewa makosa tunayoyaona: mashini inajua Kifaransa vizuri kuliko Kiswahili, na inajua Kiswahili cha vitabu kuliko kile cha Kadutu, Birere au Kalemie.

Kwetu, mtu anaanza sentensi kwa Kiswahili, anaweka hesabu kwa Kifaransa, kisha anamaliza kwa Kiswahili. Anasema "bijiko", "bintu", "mutoto", "munatia". Mara mashini hunyoosha "bijiko" kuwa "vijiko", na hapo maana inabaki. Mara nyingine haitambui kabisa ilichosikia, inaandika neno lingine la Kiswahili lenye sauti ya karibu, na sentensi inaonekana safi ingawa si ile iliyosemwa. Kosa la aina hiyo ndilo gumu, maana jicho halishtuki.

Sekunde 30 za kwanza

Kosa la kwanza la kuzuia linatokea kabla hata neno moja halijaandikwa. Asipoambiwa lugha, Whisper husikiliza sekunde 30 za kwanza za sauti na kuamua yenyewe ni lugha gani. Halafu inashika uamuzi huo mpaka mwisho wa video.

Sasa fikiria video zetu nyingi zinavyoanza: muziki, jina la kituo kwa Kifaransa, labda salamu ya daktari kwa Kifaransa, kisha muuguzi anafundisha kwa Kiswahili. Mashini inaamua kwamba ni Kifaransa. Kuanzia hapo inajaribu kusikia Kifaransa ndani ya Kiswahili, na matokeo ni sentensi za ajabu, au tafsiri ambayo hakuna aliyeiomba.

Dawa yake ni kuiambia lugha waziwazi. Kwa anayetumia Whisper kwenye kompyuta, agizo ni hili:

```
whisper kolera.mp4 --language sw --model medium --output_format srt
```

Alama "sw" ni Kiswahili. Neno "medium" ni ukubwa wa modeli. Modeli hiyo inachukua karibu giga 1 na nusu, na inapakuliwa mara moja tu. Baada ya hapo kazi inafanyika bila intaneti. Iko ndogo zaidi inayoitwa "small", ya karibu nusu giga, ambayo inafaa kwa kompyuta dhaifu lakini inakosea zaidi katika Kiswahili. Kompyuta ya kawaida isiyo na kadi ya picha yenye nguvu inaweza kuchukua muda mrefu kuliko video yenyewe, kwa hiyo afadhali kuianzisha mapema, wakati umeme upo. Kwenye programu za telefone, tafuta mahali pa kuchagua lugha na usiache ikichagua yenyewe.

Ikiwa sehemu moja ya video ni ya Kifaransa kweli, njia salama ni kuikata, kila kipande kiandikwe kwa lugha yake, kisha viunganishwe.

Kufanya kazi hiyo kwenye kompyuta yako kuna faida nyingine. Shahidi anayezungumza uso ukiwa umefichwa bado anatambulika kwa sauti yake. Ukituma faili kwenye huduma ya mtandaoni ili iandikiwe maandishi, sauti hiyo imekwenda kukaa kwenye kompyuta za watu wengine. Kwa mafundisho ya kolera si tatizo. Kwa ushuhuda wa mtu aliyekimbia kijiji chake, ni jambo la kufikiri mara mbili.

Mfano: video ya dakika 1

Tuchukue mfano tuliouandika kwa ajili ya makala hii. Muuguzi anaongea dakika 1, maneno 120. Mashini imemaliza, na tumepata faili yenye mwisho .srt. Faili hiyo ni maandishi ya kawaida: namba ya kipande, saa ya kuingia na kutoka, kisha maneno. Inafunguliwa hata kwa programu rahisi ya kuandika. Kipande cha 7 kiko hivi:

```
7
00:00:21,400 --> 00:00:24,400
Munatia vijiko kidogo 6 ya sukari
na kijiko kidogo ya chumvi.
```

Muuguzi alisema "Munatia bijiko bidogo sita bya sukari na nusu ya kijiko kidogo ya chumvi." Tuone makosa yalivyo.

"Vijiko kidogo" badala ya "bijiko bidogo" ni kosa la lugha. Mtazamaji atatabasamu na kuendelea. Lakini "nusu" imekwenda. Alilisema haraka, likamezwa kati ya "na" na "ya", na kwa mashini sentensi iliyobaki ilikuwa Kiswahili cha kutosha.

Wengine hupima ubora kwa kuhesabu maneno yaliyokosewa na kugawanya kwa maneno yote. Kama "nusu" ingekuwa kosa pekee katika video nzima, hesabu ingekuwa 1 kwa 120, chini ya asilimia 1. Kwa hesabu hiyo video ni bora sana. Kwa mama anayechanganya maji jikoni, ni mbaya. Ndiyo sababu asilimia peke yake haitoshi kuamua kama video iko tayari.

Kipande cha 12 kina hatari ya aina nyingine. Muuguzi anasema "Musimukataze mutoto kunyonya", kwa sababu mtoto anayeharisha anatakiwa kuendelea kunyonya. Mashini imeandika "Mumukataze mutoto kunyonya". Silabi moja, "si", imebadilika, na shauri limegeuka kinyume chake. Katika lugha yetu ukanusho mara nyingi unakaa ndani ya silabi ndogo isiyotiwa nguvu, na kelele kidogo ya gari au mvua kwenye bati inatosha kuifunika.

Kipande cha mwisho kinaonyesha jambo la tatu. Muuguzi amenyamaza, muziki unapita kwa sekunde 6, lakini chini kuna sentensi ya kuwashukuru watazamaji. Hakuna aliyeisema. Whisper inajulikana kwa tabia hiyo: ikikuta kimya au kelele tupu, wakati mwingine inabuni maneno au inarudia sentensi ile ile mara nyingi. Kwenye video ya kolera ni shukrani tu. Kwenye video ya shahidi, inaweza kuwa maneno mdomoni mwa mtu ambaye hakuyatamka.

Mara mbili: kwa sikio, kisha kwa jicho

Kusoma maandishi peke yake hakuwezi kugundua makosa hayo matatu, kwa sababu yote yanasomeka vizuri. Ni lazima kwanza kusikiliza huku unasoma, kipande kwa kipande, ukisimama mahali pa aina nne: hesabu na vipimo, majina ya watu na mahali, ukanusho, na sehemu ambazo hakuna anayeongea. Kwa video ya dakika 1 kazi hii haimalizi dakika 10.

Majina yana msaada wake. Whisper inakubali kupewa mapema mstari wenye maneno itakayoyakuta, ili ijue namna ya kuyaandika:

```
--initial_prompt "Kolera, SRO, Kalemie, Uvira, Minova, bijiko, chumvi"
```

Hilo linapunguza makosa ya majina, haliyaondoi. Pia linasaidia zaidi mwanzoni mwa video kuliko mwishoni.

Swali linalorudi kila mara ni kama "bijiko" iandikwe "vijiko". Anayetazama akiwa na sauti atasikia neno moja na kusoma lingine, na hapo anaanza kutilia shaka yote. Kwa hiyo, mtu akizungumza, ni vema kuacha maneno yake na kusahihisha tu namna ya kuyaandika, kwa mtindo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Hesabu ziandikwe kwa tarakimu, hata kama alizisema kwa Kifaransa: 6 inasomeka haraka kuliko "sita".

Muda wa kusoma

Kipande cha 7 kikisharudishiwa "nusu" kinakuwa na mistari miwili ya herufi 34 kila mmoja, ukihesabu na nafasi bila nukta. Jumla ni 68. Muuguzi aliyasema yote kwa sekunde 3. Je, mtu anaweza kuyasoma kwa muda huo?

Netflix, katika maelekezo yake kwa wanaoandika maandishi ya chini, inakubali mistari isiyozidi 2, yenye herufi 42 kila mmoja, na kwa lugha nyingi kasi yake kwa watu wazima ni karibu herufi 17 kwa sekunde. Kwa Kiswahili, ambacho maneno yake ni marefu, kuhesabu herufi ni haki kuliko kuhesabu maneno. Herufi 68 kwa 17 ni sekunde 4. Tuna 3 tu.

Suluhisho liko kwenye kimya kinachofuata. Muuguzi anaanza sentensi nyingine kwenye sekunde ya 26, kwa hiyo tuna nafasi ya kuacha maandishi yakae mpaka karibu na hapo. Na kwa kuwa kuna vipimo viwili, kila kimoja kipewe kipande chake:

```
7
00:00:21,400 --> 00:00:23,400
Munatia bijiko bidogo 6 bya sukari

8
00:00:23,400 --> 00:00:25,900
na nusu ya kijiko kidogo ya chumvi.
```

Sukari imepata sekunde 2, chumvi 2 na nusu. Vipande vinavyofuata vinasogezwa namba, na programu nyingi za kuhariri zinafanya hivyo zenyewe. Kwenye video ya wima ya telefone, herufi 34 kwenye mstari mmoja ni nyingi, itabidi kuvunja. Hapo angalia usitenganishe "nusu" na "kijiko"; anayesoma haraka asije akaona "kijiko kidogo ya chumvi" peke yake.

Kuchoma au kuambatanisha

Sasa faili ya .srt iko sawa. Kuna njia mbili za kuitumia, na uchaguzi huu ndio unaoamua nini kinawezekana baada ya video kutoka.

Njia ya kwanza ni kuambatanisha. Video inabaki safi, na .srt inapandishwa pembeni yake, kama YouTube na Facebook wanavyoruhusu. Mtazamaji anaweza kuwasha au kuzima maandishi. Ukigundua kosa kesho yake, unabadilisha faili ya maandishi tu, video inabaki pale pale na maoni yake.

Njia ya pili ni kuchoma maandishi ndani ya picha. Programu ya bure FFmpeg inafanya hivyo kwa mstari mmoja:

```
ffmpeg -i kolera.mp4 -vf subtitles=kolera.srt -c:a copy kolera_maandishi.mp4
```

Huku kwetu njia hii haiepukiki, kwa sababu video nyingi hazitazamwi mahali zilipopandishwa kwanza. Zinapakuliwa na kutumwa WhatsApp, kikundi hadi kikundi, na WhatsApp haibebi faili ya .srt. Maandishi yasiyochomwa yanabaki nyuma.

Lakini kilichochomwa hakifutiki. YouTube haikuruhusu kubadilisha video ukaacha anwani ile ile; unafuta na kuanza upya, maoni na hesabu za watazamaji zinapotea. Na nakala zilizokwisha kwenda WhatsApp hakuna anayeweza kuziita zirudi. Ile iliyosema "kijiko kidogo ya chumvi" itaendelea kusafiri hata baada ya ukurasa wako kusahihisha.

Kwa sababu hiyo, wanaofanya kazi hii kwa uangalifu huanza na .srt, wanaihakikisha kabisa, na kuchoma kunakuja mwisho. Faili ya .srt na video isiyo na maandishi zinatunzwa, ili ikibidi kusahihisha, isiwe kazi ya kuanza sufuri.

Kabla ya kubonyeza saa

Inabaki hatua ya mwisho, na hii ni ya jicho peke yake. Video iliyokamilika itumwe kwenye telefone ndogo ya kawaida kwa njia ya WhatsApp, sauti izimwe, itazamwe yote nje kwenye mwanga. WhatsApp inabana video, na maandishi membamba yaliyosomeka kwenye kompyuta yanageuka ukungu. Maandishi makubwa meupe juu ya kisanduku cheusi yanastahimili.

Angalia pia chini ya picha. Kwenye TikTok na video fupi za Facebook, jina la ukurasa na maelezo ya video yanakaa pale pale, na yanaweza kufunika mstari wa pili. Utepe wenye jina la anayeongea nao unaweza kugongana na maandishi. Yasogeze juu kidogo.

Afadhali anayetazama hatua hii asiwe yule aliyeandika, kwa sababu aliyeandika tayari anajua muuguzi alisema nini, na macho yake yanajaza "nusu" hata isipokuwepo. Mwenzake, ambaye hajasikia sauti, aulizwe jambo moja tu baada ya kutazama: chumvi ni kiasi gani?

Akijibu "nusu kijiko", video inaweza kupangiwa saa yake. Akijibu "kijiko kimoja", au akisita, inarudi mezani, hata kama mahali pa saa 12 asubuhi patabaki wazi.